Msimulizi mmoja, waandishi wengi

Mchezo wa redio ukiandikwa na watu watatu, wa kwanza kuyumba ni msimulizi. Wahusika wengine wanalindwa na waigizaji wao. Yeye anabadilika kila kalamu inapobadilika. Kundi la Mufwankolo la kule Lubumbashi lilitunga michezo yake kwa kuigiza, si kwa maandishi. Sisi tunaoandika tunahitaji karatasi moja ya kukubaliana.

Iamue kwanza Kiswahili chake. Mwandishi mmoja anaandika: "Wachimbaji haramu waliteremka shimoni alfajiri." Mwenzake: "Batu balishuka mu shimo asubui." Zote zinasikika hapa Kolwezi, lakini hazitoki kinywani mwa mtu mmoja. Ya kwanza ni ya taarifa ya habari, tena imekwisha kuhukumu: lile neno haramu linamgeuza msimulizi kuwa polisi, na mama wa Kasulo ambaye mtoto wake yuko chini atazima redio. Ukichagua ya pili, basi "ba" na "mu" zibaki mpaka sehemu ya mwisho, hata siku mkubwa wa kampuni anapoingia.

Halafu andika anachojua. Kama ni jirani aliyekaa juu ya shimo, hawezi kueleza giza la ndani. Anaona kamba, anasikia sauti, anangoja.

Kupima ni rahisi: mtu asome kwa sauti maneno ya msimulizi peke yake, ya sehemu tatu mfululizo, bila kutaja walioandika. Pale wenzake wanapotambua kalamu ya nani, hapo ndipo pa kurekebisha.