Mzio wa vumbi
Mzio wa vumbi la nyumbani huchochewa hasa na kinyesi cha utitiri, wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro na mito. Mtu akikung'uta shuka asubuhi, seli za puani na kooni humwaga histamini. Koo huwasha, chafya hufuatana, lakini homa haipo. Antihistamini kama setirizini, miligramu 10 kwa siku kwa mtu mzima, huzuia histamini isishike mishipa ya fahamu, kwa hiyo hufaa zaidi ikimezwa mapema kabla ya kufagia. Pua iliyoziba haifunguki sana, kwani uvimbe wake huletwa na kemikali nyingine pia. Hapo dawa ya steroidi ya kupuliza puani kila siku huishinda antihistamini. Klofeniramini hutuliza chafya, ila huleta usingizi: dereva asiitumie.