Presha sawa, hatari tofauti: jinsi hatari ya moyo na kiharusi inavyopimwa

Hatari ya jumla ni nini?

Wengi tukitoka zahanati tunakumbuka namba moja tu: presha imefika ngapi. Namba hiyo ni muhimu, lakini peke yake haitoshi kusema nani yuko karibu na kiharusi au shambulio la moyo. Inabidi ijumlishwe na umri, jinsia, uvutaji wa sigara, kisukari na kiwango cha lehemu (mafuta) kwenye damu. Jumla hiyo hujibu swali moja: kati ya watu 100 wa aina yake, wangapi watapata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10 ijayo?

Jedwali linatumikaje?

Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali mapya ya kupima hatari hii mwaka 2019, na kuna jedwali la nchi za Afrika Mashariki. Ni kwa watu wa miaka 40 hadi 74. Mhudumu anatafuta kisanduku kinachokutanisha umri, jinsia, sigara na presha, kisha anasoma namba na rangi. Kijani ni chini ya 5 kwa 100. Nyekundu huanzia 20 kwa 100.

Pasipo maabara, kuna jedwali la pili linalotumia uzito na urefu badala ya lehemu. Jedwali hilo halihesabu kisukari, kwa hiyo kwa mwenye kisukari namba yake huwa ndogo kuliko hatari halisi.

Mfano: mama na babu wa nyumba moja

Tuchukue familia ya Kyerwa. Mama ana miaka 42, havuti sigara wala hana kisukari. Babu ana miaka 68, anavuta sigara na ana kisukari. Wote wawili presha yao ni 136/84. Tukitazama mstari wa 140/90 peke yake, wote wataambiwa presha haijafika ya kutibiwa.

Sasa tuangalie hatari ya jumla. Kwa hesabu rahisi, tuseme watu kama mama wanaopatwa ni 4 kwa 100, na watu kama babu ni 20 kwa 100. Tuseme pia kuna dawa inayopunguza hatari kwa robo. Kwa watu 100 kama mama, 4 wanakuwa 3: ameokoka 1, na wengine 99 wamemeza dawa kila siku bila kupata faida hiyo. Kwa watu 100 kama babu, 20 wanakuwa 15: wameokoka 5. Dawa ni ileile, lakini faida kwa kundi la babu ni mara 5.

Kwa hiyo babu ajadiliwe na mganga kuhusu dawa ya presha na ya lehemu, na asaidiwe kuacha sigara. Mama hahitaji dawa sasa. Apunguze chumvi na arudi kupimwa.

Nani asisubiri jedwali?

- Aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo. Huyo tayari yuko kwenye hatari kubwa.
- Ambaye presha yake, ikirudiwa kupimwa, inabaki 140/90 au zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unashauri aanzishiwe dawa. Jedwali hapo husaidia kuamua kuhusu dawa ya lehemu.
- Mama mjamzito. Jedwali halimhusu kabisa. Presha ya 140/90 kwa mjamzito ni ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Namba hukosewa wapi?

Kosa la kwanza ni presha. Aliyepanda kilima kwa miguu hadi zahanati akapimwa papo hapo, presha yake huonekana juu. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, mkono umelazwa usawa wa moyo, apimwe mara mbili.

Kosa la pili ni umri, kwani ndio unaovuta namba kuliko vyote. Wazee wengi hawajui mwaka waliozaliwa, na kukosea miaka 10 kunaweza kubadili rangi ya kisanduku. Kwetu Kagera, vita vya mwaka 1978 vinasaidia kukumbuka. Muulize mzee alikuwa na umri gani Amin alipovamia. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati huo alizaliwa mwaka 1958.

Unapompeleka mzee kliniki

Beba daftari lake la kliniki na dawa zote anazotumia. Mweleze mhudumu kama anavuta sigara au ameacha chini ya mwaka mmoja, maana bado anahesabiwa mvutaji. Kisha uliza: "Hatari yake ya jumla ni ngapi kwa 100?"