Nyumba ya Wagabra, Mzigo wa Ngamia

Wagabra hufuga ngamia, mbuzi na kondoo kandokando ya jangwa la Chalbi, kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Nyumba yao ina umbo la kuba: fito zilizopindwa na kufungwa kwa kamba, kisha kufunikwa kwa mikeka na ngozi.

Miti mirefu ni adimu huko, kwa hiyo fito nyingi hutokana na mizizi ya migunga. Mzizi wa mgunga ni mrefu na mwembamba, na ukiwa mbichi hupindika bila kuvunjika. Ukifungwa katika upinde hadi ukauke, hubaki hivyo miaka mingi. Ndiyo maana fito hazitupwi kambini. Huhama na wenyewe.

Mikeka husukwa kwa nyuzi za mkonge pori. Jua likiwaka, matundu madogo kati ya nyuzi hupitisha hewa huku kivuli kikibaki. Mvua inaponyesha, nyuzi hulowa na kuvimba, matundu yakapungua, na maji mengi huteleza ubavuni mwa kuba. Upepo mkali wa Marsabit, ule ule unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki. Mlango basi hutazama magharibi, na upepo hukutana na mgongo wa nyumba, ambao hauna kona wala ukuta wa kuukinga.

Nyumba ni ya mwanamke: ndiye huijenga, huibomoa na kuifunga juu ya ngamia. Siku ya kuhama, fito zile zile zilizopinda hufungwa juu ya ngamia zikawa kitundu cha kubebea watoto, wazee na vyombo, mikeka ikiwa kivuli chake. Kwangu mimi, hapa ndipo ufundi mkubwa ulipo, kwa kuwa kipande kisicho na kazi njiani huwa uzito wa bure kwa mnyama.

Binti anapoolewa, mama hutoa sehemu ya fito na mikeka yake ili nyumba mpya isimame. Kwa hiyo nyumba ya mama hupungua kadiri mabinti wanavyoondoka, na mpita njia anayejua desturi huweza kukisia umri wa mwenye nyumba kwa ukubwa wake tu.

Kinachoivunja nyumba hii ni kupotea kwa ngamia wa mizigo. Ukame ukiwaua, familia hukaa karibu na kisima au kituo cha chakula, kama Maikona au Kalacha. Migunga ya jirani huisha kwa kuni na maboma, na mikeka iliyochakaa huzibwa kwa magunia na maturubai. Turubai huzuia mvua vizuri kuliko mkeka, lakini halipitishi hewa. Mchana joto hunaswa ndani, na usiku pumzi za waliolala hugeuka matone upande wa ndani wa plastiki.