Nota ya kutangaza muungano wa kampuni: namna ya kuiandika upya ili wafanyakazi waelewe

Mu Congo, watu wa mashariki wameshaona kampuni kubwa zikiungana. Mu mwaka wa 2016 Orange ilinunua Tigo, na mwisho wa mwaka wa 2020 Equity Bank iliungana na BCDC, ikazaliwa Equity BCDC. Wateja wao waliona jina jipya ku mulango. Lakini mufanyakazi, kitu cha kwanza anaona ni karatasi moja iliyobandikwa ku ukuta: nota ya serivisi. Na mara nyingi ile karatasi inasema mengi bila kumwambia kama atabaki na kazi, nani atakuwa mukubwa wake, na lini.

Mfano huu ni wa kutungwa, lakini maneno yake yanafanana na ya nota nyingi. Mashirika mawili ya akiba na mikopo, moja la Butembo lenye wafanyakazi 26 na lingine la Beni lenye wafanyakazi 15, yataungana tarehe 1 mwezi wa kumi. La Beni liko pia na ajansi ndogo mu Butembo, karibu kabisa na ofisi ya lingine. Direksio imeandika hivi:

«Ndugu wafanyakazi, ni furaha kubwa kuwajulisha kwamba mashirika yetu yanafungua ukurasa mpya. Umoja huu utaleta nguvu kwa wateja wetu wote. Hakuna mutu atapoteza kazi kwa sasa. Mupango mupya wa uongozi utajulishwa mu siku zijazo. Kila mutu atulie na aendelee kutumika vizuri.»

Hakuna uongo wa wazi mule ndani. Lakini «kwa sasa» ni maneno mawili tu, na njo yale kila mutu atashika. Mufanyakazi wa gishe anaelewa kama kuko kitu kinafichwa. Na «siku zijazo» si tarehe. Kisha nota kama hii, kazi inageuka kuwa ya kuulizana mu koridori, na wale wenye ujuzi wanaanza kutafuta fasi ingine.

Mbele ya kugusa neno moja, mwenye kuandika upya anaomba direksio ipange habari zake mu mafungu matatu: yale yamekwisha kuamuliwa, yale yanapendekezwa tu, na yale bado hayajulikani. Mu mfano wetu, tarehe ya muungano imeamuliwa. Kufunga ajansi ndogo ya Butembo tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili imeamuliwa pia. Kufuta nafasi 4 za gishe kunapendekezwa. Ni nani kati ya wakontabili wawili atakuwa mukubwa wa hesabu, bado haijulikani.

Fungu la pili njo lenye hatari zaidi, juu sheria inaingia pale. Sheria ya kazi ya Congo ya mwaka wa 2002 inaomba mwajiri anayetaka kuachisha watu juu ya mahitaji ya kampuni ajulishe kwanza wajumbe wa wafanyakazi kwa maandishi, siku 15 au zaidi mbele ya kutekeleza, ili watoe mawazo yao. Inaomba pia afuate utaratibu: ujuzi wa kazi, miaka mutu ametumika, umri wake na muzigo wa familia. Kama ni watu wengi wanaachishwa pamoja, inaomba ruhusa ya Waziri wa Kazi. Kwa hiyo nota haiwezi kuandika «tumefuta nafasi 4» wakati wajumbe hawajapata barua. Barua inatangulia, na nota inasema «tunapendekeza». Kusema hivyo si woga; njo ukweli wenyewe, kama kweli direksio iko tayari kusikiliza. Kama haiko tayari, hakuna maneno ya nota yataponya ile.

Kuko jambo lingine la sheria ambalo linatuliza watu kuliko sifa zote: muungano peke yake hauvunji kontra. Mwajiri anabadilika, lakini kontra iliyokuwa inatumika siku ile inaendelea na mwajiri mupya, na miaka ya kazi inabaki. Nota ya kwanza haikusema hata neno moja juu ya hilo.

Kisha inakuja hesabu ya siku. Sheria inaomba preavi, ni kusema muda wa kumujulisha mutu mbele ya kumuachisha, isipungue siku 14 za kazi, na inaongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Mutu wa gishe mwenye miaka 12 anafika 14 na 84, jumla siku 98. Kwa siku 6 za kazi kila juma, ni zaidi ya majuma 16. Kama anapewa barua mwisho wa mwezi wa tisa, preavi yake inaisha mu mwezi wa kwanza, kisha ajansi kufungwa. Tarehe ya kufunga mulango na tarehe ya mwisho wa kontra ni vitu viwili, na nota nyingi zinavichanganya.

Upande wa wakubwa, mukoro mupya wenye visanduku na mishale haujibu swali la kweli. Swali ni: nani atasaini konje yangu? Nani ataruhusu mukopo wa muteja? Nani anaweza kuniandikia barua ya lawama? Inafaa kuandika kila kundi na tarehe yake.

Nota mupya inaweza kuwa hivi:

«Tarehe 1 mwezi wa kumi mashirika yetu mawili yanakuwa moja. Kontra zote zinaendelea, pamoja na miaka ya kazi na mishahara ya leo.

Ajansi ndogo ya Butembo itafungwa tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili. Tunapendekeza kufuta nafasi 4 za gishe. Wajumbe wa wafanyakazi wamepata barua leo, tarehe 1 mwezi wa tisa. Wanaweza kujibu mpaka tarehe 21. Uamuzi utatangazwa tarehe 25. Yule atakayeguswa ataitwa yeye mwenyewe mbele ya kubandika kitu chochote, na preavi yake itahesabiwa kufuatana na miaka yake.

Kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi, maajanti wote wa mikopo watakuwa chini ya mukubwa wa mikopo wa Beni: yeye njo ataruhusu mikopo na kusaini konje. Watu wa gishe wanabaki na wakubwa wao wa leo mpaka tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili.

Mukubwa wa hesabu bado hajachaguliwa. Jina litatolewa tarehe 15 mwezi wa kumi. Maswali: mukubwa wa wafanyakazi, kila siku ya nne, saa nane mpaka saa kumi.»

«Furaha kubwa» imetoka. Mutu mwenye kungojea kujua kama atalipa minerva ya watoto mu mwezi wa kwanza haiombi. Muungano unaweza kusifiwa mu mukutano, siku ingine.

Mbele ya kubandika, nota inapewa watu wawili wasioshiriki kuiandika, kwa mfano mulinzi wa mulango na mutu wa gishe. Wanaisoma mara moja, kisha wanaulizwa: nafasi gani zinaguswa, nani mukubwa wako mwezi wa kumi, na jibu la mwisho litatoka lini? Kama mumoja anajibu «sijui», ile mistari inaandikwa tena. Kama kuko nota ya Kifaransa na ya Kiswahili, wanalinganisha tarehe mustari kwa mustari, juu makosa yanaingia sana pale. Na kama tarehe 25 inapita bila uamuzi, nota ya pili inabandikwa siku ileile, ikisema tarehe mupya na sababu ya kuchelewa.