Kufa kwa Fizi kwa Ghafula

Maradhi haya, katika vitabu vya utabibu, hubeba jina refu lililoungwa kwa maneno matatu, la kwanza likieleza haraka ya kuja kwake, la mwisho likitaja fizi, na la katikati, ambalo asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya maiti, likimtaabisha mfasiri kupita mengine yote. Wepesi ungekuwa kusema "kuoza kwa fizi". Walakini neno kuoza limekwisha kutwaliwa na jino lililotoboka, na mgonjwa aambiwaye kuwa kinywa chake kimeoza hufikiri mara moja habari za kung'olewa jino, ilhali meno yake yaweza kuwa salama kabisa. Kwa sababu hiyo naona afadhali kusema "kufa kwa fizi kwa ghafula". Neno "kali" nimeliepuka pia, maana msomaji hulichukua kuwa ni kipimo cha ukubwa wa maradhi, na makusudi hapa ni kusema kwamba huja kwa siku chache.

Kinachokufa kwanza ni kile kincha cha nyama kilicho baina ya jino na jino. Kwa desturi kincha hicho huchongoka. Katika maradhi haya hulika katikati kikabaki kishimo, na kidonda huenea kwenye ukingo wa fizi, kikifunikwa na utando wa kijivu ambao ukifutwa huacha nyama nyekundu ivujayo damu. Maumivu ni makubwa hata mswaki haugusiki, na pumzi hunuka kwa namna ambayo tabibu mzoefu huitambua mgonjwa angali mlangoni. Alama tatu hizi, kincha kilicholika, damu na maumivu, ndizo hukumu yenyewe. Malengelenge yakionekana pia juu ya ulimi, midomo na mashavu, hasa kwa mtoto mwenye homa, yamkini ni maradhi mengine yaletwayo na virusi, wala dawa zake si hizi nitakazozitaja.

Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 maradhi haya yaliwashika askari wengi wa Ulaya, hata yakaitwa kinywa cha mahandaki, na kwa muda mrefu watu walidhani kuwa huambukizwa kwa kikombe. Dhana hiyo imeachwa. Vijidudu ambavyo Mfaransa Vincent alivieleza mwishoni mwa karne ya 19, vingine virefu vilivyojipinda, vingine vyembamba vyenye ncha huku na huku, hukaa pia katika vinywa vya watu wazima wa afya. Kinachovipa nguvu ni udhaifu wa mwenye kinywa. Askari wa mahandaki alikuwa na hofu, hakulala, alivuta sigara mfululizo, na mswaki aliusahau.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa chuo, mwenye umri wa miaka 20, wakati wa mitihani: usiku hukesha kwa sigara na chai, mchana hali chakula cha maana. Dhiki ya moyo hupunguza kinga ya mwili, moshi nao huidhoofisha damu iendayo katika fizi, na utando wa uchafu uliozoea kukaa kwenye meno haufutwi. Siku ya tatu ya maumivu afika kwa tabibu. Huyu humsafisha taratibu, baada ya ganzi ya kupaka, akiondoa utando na ukoga kwa kadiri avumiliavyo. Humpa maji ya oksijeni ya asilimia 3, yachanganywe nusu kwa nusu na maji ya uvuguvugu kwa kusukutua. Na iwapo ana homa au tezi za shingo zimevimba, humwandikia metronidazoli ya miligramu 400, mara tatu kwa siku, muda wa siku 3, naye aepuke pombe. Dawa hiyo iliingia katika kazi hii kwa bahati, pale mtafiti aitwaye Shinn alipoeleza, mwaka 1962, habari za mwanamke aliyetibiwa nayo maradhi ya uke, naye akapona na fizi pia.

Baada ya siku mbili maumivu hutulia, na hapo ndipo wengi hupotea wasirudi. Ukoga uliobaki chini ya fizi haukuondolewa, vishimo baina ya meno hukusanya chakula, na maradhi hurejea. Mtu mzima ambaye yamemshika bila sababu iliyo dhahiri yafaa apimwe virusi vya ukimwi.

Kwa mtoto mdogo hesabu ni nyingine. Aliyekonda kwa utapiamlo, kisha akapatwa na surua au malaria, hana akiba ya kujengea nyama mpya, na kidonda cha fizi chaweza kuvuka kikaingia shavuni, kikawa noma, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2023 katika orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyopuuzwa. Shavu likianza kuvimba juu ya fizi yenye kidonda, mtoto apelekwe hospitali siku ile ile, kwa dawa na kwa chakula pamoja, kabla ngozi haijageuka nyeusi.