Heli na Tundu la Sindano

Ukitoka Bariadi kuelekea kusini-mashariki na kuivuka Meatu, unafika upande wa Ziwa Eyasi, mojawapo ya maeneo ya Tanzania ambako heli inatafutwa. Linalosikika zaidi ni Bonde la Rukwa, tangu watafiti walipotangaza mwaka 2016 kuwa lina akiba kubwa. Ardhini heli haikai peke yake. Katika maeneo hayo mwenzake mkuu ni naitrojeni. Kujua zinavyoachana zikipata upenyo kunahitaji istilahi mbili: kasi ya kipeuo cha wastani wa miraba, na mvujo.

Ile ndefu husomwa kutoka nyuma: kwanza miraba, kisha wastani, mwisho kipeuo. Chembe tatu zikienda mita 300, 500 na 700 kwa sekunde, wastani wa kawaida ni 500. Lakini wastani wa miraba yake ni karibu 276,667, na kipeuo chake cha pili ni 526. Nishati mwendo hufuata mraba wa kasi, ndiyo maana zenye mbio huvuta jibu juu.

Kwa gesi nzima kanuni ni v = √(3RT/M), ambapo R ni 8.314, T ni kelvini, na M ni kilo kwa moli. Katika nyuzi 27, yaani kelvini 300, naitrojeni (0.028) inapata mita 517 kwa sekunde na heli (0.004) mita 1,368. Mwanafunzi akiandika 28 badala ya 0.028, jibu litakuwa mita 16, mwendo wa daladala! Kosa hilo hugundulika upesi: sauti hewani husafiri karibu mita 347 kwa sekunde, na chembe zinazoibeba haziwezi kuwa nyuma yake kiasi hicho.

Mvujo ni gesi kupenya tundu dogo mno, chembe moja moja, bila kugongana njiani. Thomas Graham, mkemia wa Uskoti, alionyesha katika karne ya 19 kwamba kiwango chake hupungua kwa kipeuo cha uzito wa moli. 28 kwa 4 ni 7, na kipeuo chake ni 2.65. Naitrojeni ikitumia sekunde 53, kiasi kilekile cha heli hutumia 20.

Sasa chukua mchanganyiko wenye heli sehemu 10 na naitrojeni 90. Kinachovuja mwanzoni ni kwa uwiano wa 26.5 kwa 90, hivyo heli ni karibu asilimia 23. Chombo kinabaki na heli pungufu, na sampuli inadanganya.

Mpira wa puto hautii kanuni hii. Gesi huyeyuka kwanza ndani ya mpira, na kabonidioksidi, ingawa nzito, huupenya haraka kuliko naitrojeni. Ili gesi isitoroke hivyo, wajiolojia wanaokusanya heli kwenye chemchemi hutumia mirija ya shaba, wakiibana ncha zote mbili hadi shaba ishikane.