Wamijikenda: Kabila la Kale au la Juzi?

Kabla ya miaka ya 1940 jina la Wamijikenda halikuwa likitumika kama jina la kabila. Walikuwapo Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai na wenzao, makundi tisa kwa jumla, ambao watu wa mwambao waliwaita Wanyika, yaani watu wa porini, jina lenye dharau. Miaka hiyo ndipo walipounda umoja wao Mombasa na kushika jina jipya: kenda, kama mwalimu ajuavyo, ni tisa ya kale, na miji hiyo ni makaya yao.

Wenye rai ya asili husema kilicho kipya ni jina tu. Thomas Spear, katika kitabu chake cha 1978, aliyachukua masimulizi ya kuhama kutoka Singwaya kuwa historia. Tena lugha zao ni ndugu. Lakini hoja hii ya lugha yavuka mpaka wake, kwani Kiswahili nacho ni cha tawi hilohilo la Kisabaki. Mbona basi Waswahili wamebaki nje?

Justin Willis, mwaka 1993, alijibu kwamba zamani mtu wa bara aliweza kuingia Mombasa, kupata mlezi na kuwa Mswahili. Utawala wa Kiingereza, kwa sheria zake za kazi na makazi, ndio ulioufunga mlango huo. Kuhusu mpaka, naona Willis amesema kweli. Hata hivyo, makaya hayakujengwa na Mwingereza, na waliochagua jina waliyakuta yamesimama.